Mota Mpya, Unga wa Chenga

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uanze kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimefika katika maelfu ya vijiji vya Tanzania, na zinapofika, mwenye mashine ya kusaga hupiga hesabu zake upya. Dizeli ni ghali, na injini inataka oili, vipuri na mtu wa kuipigia hendeli kila asubuhi. Mota ya umeme inawashwa kwa kitufe. Basi bolti za injini zinafunguliwa, mota inakaa mahali pake, mikanda inarudishwa kwenye puli zile zile, mahindi yanamwagwa. Hapo ndipo malalamiko yanapoanza. Unga unatoka na chenga, debe moja linachukua muda mrefu kuliko zamani, na akina mama waliopanga foleni wanasema wazi kwamba injini ya zamani ilikuwa na nguvu kuliko hii. Mwenye mashine anaishuku mota. Pengine anaushuku umeme wenyewe.

Mara nyingi mota ni nzima na umeme unatosha. Kosa liko kwenye puli, na linaweza kupatikana kwa futi kamba na kalamu.

Chukua mashine moja ya nyundo ya ukubwa wa kawaida. Ndani ya tumbo lake kuna shafti iliyofungwa vipande vya chuma vinavyoning'inia, ndizo nyundo. Shafti ikizunguka, nyundo zinanyooka na kuyapiga mahindi hadi yavunjike kiasi cha kupita kwenye matundu ya chekeche. Kutoka ncha ya nyundo moja hadi ncha ya nyundo iliyo upande wa pili ni sentimita 50. Nje, kwenye shafti hiyo hiyo, kuna puli yenye kipenyo cha milimita 125. Kwa miaka mingi mashine hii iliendeshwa na injini ya Kichina ya silinda moja, ile ya aina ya ZS1115, yenye nguvu za farasi 22 ikizunguka mara 2,200 kwa dakika. Puli ya injini ilikuwa na kipenyo cha milimita 170.

Mkanda hauna siri. Kipande chochote cha mkanda kinachoiacha puli ya injini kwa kasi fulani kinaifikia puli ya mashine kwa kasi ile ile, kwa kuwa mkanda haurefuki wala haukatiki njiani. Puli kubwa ikizunguka mara moja, inauvuta mkanda wa urefu unaolingana na mzingo wake. Urefu huo ni mwingi kuliko mzingo wa puli ndogo, kwa hiyo puli ndogo inalazimika kuzunguka zaidi ya mara moja ili kuupokea wote. Hesabu yake ni nyepesi: mizunguko ya puli inayoendesha izidishwe kwa kipenyo chake, kisha jibu ligawanywe kwa kipenyo cha puli inayoendeshwa. Injini ilitoa mizunguko 2,200. Zidisha kwa 170, gawanya kwa 125, unapata 2,992. Mashine ilikuwa inazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo ncha za nyundo zilikuwa zikienda mita 78 kila sekunde.

Sasa mota. Kwenye kibao chake kumeandikwa kilowati 15 na mizunguko 1,450 kwa dakika. Mota ya aina hii haiwezi kuongezwa mwendo kwa kukanyagwa kama injini. Kasi yake imefungwa na umeme wenyewe, ambao Afrika Mashariki unabadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, na pia na namna nyaya zilivyosukwa ndani ya mota. Mota ya ncha nne za sumaku hukaribia mizunguko 1,500 lakini haiifikii. Ikibebeshwa kazi inatulia kwenye 1,450 hivi. Ukiirudishia puli ya milimita 170, mashine itazunguka mara 1,450 zidisha kwa 170 gawanya kwa 125, yaani mara 1,972 tu.

Theluthi moja ya kasi imepotea, na hasara kwenye unga ni kubwa kuliko theluthi. Nguvu ya pigo la nyundo hufuata mraba wa kasi: kasi ikipungua kwa nusu, nishati ya pigo inabaki robo. Hapa kasi ya ncha imeshuka kutoka mita 78 hadi karibu mita 52 kwa sekunde, na nishati ya kila pigo imebaki chini ya nusu ya ile ya zamani. Punje iliyokuwa inapasuka kwa pigo moja sasa inahitaji mawili au matatu. Mahindi yanazunguka tumboni mwa mashine yakisubiri kuvunjika vya kutosha kupita kwenye chekeche, yanapata joto, na foleni inarefuka. Akina mama wameona sawasawa kabisa. Sababu tu ndiyo iko pengine.

Dawa ni kubadilisha puli ya mota. Ili kuipata ile kasi ya 2,992, puli ingetakiwa kuwa na kipenyo cha milimita 258. Madukani huuzwa vipimo vya kawaida, kwa hiyo fundi atachukua ya milimita 250, na mashine itazunguka mara 2,900. Hiyo inatosha. Mikanda ya zamani itakuwa mifupi, kwani puli mpya inahitaji urefu wa ziada wa sentimita 12 hadi 13. Ama inunuliwe mikanda mirefu zaidi, ama mota isogezwe karibu na mashine kwa sentimita sita hivi, kama reli zake zina nafasi.

Hadi hapa ni habari ya kasi. Lakini mtu makini atauliza: ikiwa puli ndogo inaongeza kasi bure, kwa nini usiweke puli ya mota kubwa kama tairi na usage magunia kwa dakika? Jibu liko kwenye upande wa pili wa biashara hii, upande wa nguvu ya kuzungusha.

Nguvu ya kuzungusha ni mvuto uliozidishwa kwa umbali wake kutoka katikati ya shafti. Ndiyo maana nati iliyoganda inakataa spana fupi na kukubali spana ndefu, mkono ukiwa ni ule ule. Hupimwa kwa newton-mita. Ukitaka kuijua ya mota au injini yoyote, chukua kilowati zake, zidisha kwa 9,550, gawanya kwa mizunguko kwa dakika. Mota yetu ya kilowati 15 kwenye mizunguko 1,450 inatoa karibu newton-mita 99. Injini ya dizeli, ambayo nguvu zake za farasi 22 ni sawa na kilowati 16.2, ilitoa takriban 70 kwenye mizunguko 2,200. Mota inasukuma shafti yake kwa nguvu kuliko injini, ingawa uwezo wake kwa jumla ni mdogo kidogo, kwa sababu inauleta uwezo huo kwa mizunguko michache.

Tuifuate nguvu hiyo kwenye mkanda. Puli ya milimita 250 ina nusu kipenyo ya milimita 125, yaani mita 0.125. Ili mota itumie newton-mita zake 99 zote, upande wa mkanda unaovuta unapaswa kuuzidi upande uliolegea kwa mvuto wa newton 790 hivi, kama kumning'iniza mtu wa kilo 80. Mvuto huo huo, bila kuongezeka wala kupungua, unaifikia puli ya mashine. Ila kule unashika ukingo ulio karibu zaidi na shafti, milimita 62.5 tu kutoka katikati. Newton 790 zikizidishwa kwa mita 0.0625 ni kama newton-mita 49. Kasi imekwenda mara mbili, na nguvu ya kuzungusha imekatwa nusu. Ukizidisha moja kwa nyingine, uwezo ni ule ule uliotoka kwenye mota, ukiondoa kidogo kinachoishia kwenye joto la mkanda na beringi.

Injini ya zamani, kwa puli yake ya milimita 170, ilikuwa inaipa mashine newton-mita 52 kwenye kasi ya 2,992. Mota mpya ikiwa na puli sahihi inaipa 49 kwenye kasi ya 2,900. Kwa nyundo zilizo ndani, tofauti hiyo ni ndogo mno. Mashine haijui ni nani anayeizungusha. Inachojua ni kasi na nguvu inayoifikia kwenye shafti yake.

Wazee watakumbuka injini nyingine, ile Lister ya Kiingereza ya silinda moja yenye magurudumu mazito ya pembeni, ambayo nakala zake hutengenezwa Rajkot, India. Aina iliyoitwa 6/1 ilikuwa na nguvu za farasi sita kwenye mizunguko 650 kwa dakika. Ukipiga hesabu ya nguvu yake ya kuzungusha unapata karibu newton-mita 66, ambayo inakaribiana kabisa na 70 za injini ya Kichina ya farasi 22. Mtu aliyeishika shafti ya Lister angeapa kwamba injini hizi mbili ni ndugu. Lakini ili Lister iifikishe mashine yetu kwenye mizunguko 3,000, ingehitaji puli ya milimita 577, zaidi ya nusu mita, na baada ya kuibadilisha nguvu yake kuwa kasi, zingebaki newton-mita 14 tu za kuyavunja mahindi. Kwa hiyo namba ya nguvu ya kuzungusha peke yake haimwambii mnunuzi lolote la maana. Lazima aulize ni kwa mizunguko mingapi.

Turudi kwa mwenye mashine anayetamani puli kubwa zaidi. Tuseme amefunga ya milimita 300. Mashine sasa inakwenda mara 3,480 kwa dakika, unga ni laini, wateja wamefurahi. Lakini kila newton-mita moja inayotakiwa na nyundo inailemea mota kwa newton-mita 2.4 badala ya 2, na nyundo zenyewe zinataka zaidi, maana zinapiga kwa nguvu zaidi na zinasukuma hewa nyingi zaidi. Mota ya umeme haikatai kazi. Ikilemewa, inapunguza mwendo kidogo tu na kuvuta umeme mwingi kuliko ulioandikwa kwenye kibao. Mota ya kilowati 15 kwenye umeme wa njia tatu wa volti 400 huvuta ampea 28 hadi 30 ikiwa imejaa kazi. Ampea zikipanda hadi 36 au 40 mahindi yakiwa ndani, ovalodi itakata kila baada ya muda mfupi, na hiyo ndiyo kazi yake. Mafundi wengine huizungusha skrubu ya ovalodi hadi mwisho ili isikate tena. Tangu hapo kinachosubiriwa ni harufu ya vanishi ya koili ikiungua. Injini ya dizeli ikilemewa huonyesha mapema, kwa moshi mweusi na mlio unaozama. Mota hukaa kimya, ndiyo maana kila mashine ya umeme inastahili kipima ampea mahali ambapo msagaji anakiona.

Hatari kubwa kuliko zote hutoka upande mwingine. Zipo mota za ncha mbili za sumaku, zinazozunguka karibu mara 2,900, na kwa sura hazitofautiani na za 1,450. Ikifungwa hiyo na puli ya milimita 170 iliyoachwa na injini, mashine itakwenda mara 3,944 kwa dakika. Nguvu inayozivuta nyundo kutoka kwenye pini zake nayo hufuata mraba wa kasi, na hapa itakuwa imepanda kwa asilimia 74 juu ya ile ya zamani. Pini iliyochakaa ikikatika, nyundo inaondoka kwa mwendo wa mita zaidi ya 100 kwa sekunde, na ukuta wa bati laini hauizuii. Kibao cha mota kisomwe kabla ya kufunga mkanda, kila mara, hata kama muuzaji anaaminika.

Hesabu hizi zote zinachukulia kwamba mkanda haupitilizi. Mkanda wenye umbo la V hupitiliza kidogo siku zote, asilimia moja au mbili, na hilo halina madhara. Umbo lake linaubana kwenye kuta mbili za mfereji wa puli, na unavyovutwa ndivyo unavyozidi kujikaza. Ukichakaa hadi ukakaa chini kabisa ya mfereji, ubanaji huo unakwisha. Dalili yake inaonekana mashine ikiwa imezimwa: sakafu ya mfereji inang'aa kama imepigwa msasa, chini ya mikanda kuna unga mweusi wa mpira, na puli ndogo ina joto lisiloshikika. Takomita ya mkononi, ile ya mwanga, inathibitisha. Hesabu ikisema 2,900 na takomita ikasoma 2,700 wakati mota yenyewe iko kwenye 1,450, asilimia saba ya mwendo inaishia kwenye kuunguza mpira. Mashine yenye mikanda mitatu ibadilishiwe yote mitatu kwa pamoja. Mpya ukichanganywa na mikuukuu iliyorefuka, mzigo wote unauangukia ule mpya, nao hautadumu.

Kupitiliza huko, hata hivyo, ni kinga pia. Bolti ikianguka kwenye mahindi na kuikwamisha shafti ghafla, mkanda unalia na kuteleza, na mota inanusurika. Gia haina huruma ya namna hiyo.

Na gia ndizo zinazotumika pale ambapo biashara inafanywa kinyume, kasi ikatolewa ili ipatikane nguvu. Mfano hauko mbali. Kwenye karibu kila jengo linaloinuka Dar es Salaam au Nairobi kuna mashine ya kuchanganya zege, pipa kubwa la chuma linalogeuka polepole huku injini yake ndogo ikinguruma pembeni. Pipa likizunguka upesi, kokoto zitaganda ukutani na zege halitachanganyika, kwa hiyo mizunguko 25 kwa dakika inatosha. Tuseme injini inatoa kilowati 3 kwenye mizunguko 1,500. Inatakiwa kupunguzwa mara 60.

Kwa mkanda mmoja haiwezekani. Kama puli ya injini ina milimita 90, puli ya pipa ingepaswa kuwa na kipenyo cha mita 5.4, kubwa kuliko chumba cha mlinzi. Kwa hiyo kazi inagawanywa mara mbili. Mkanda kutoka puli ya milimita 90 unazungusha puli ya milimita 450, na mizunguko 1,500 inakuwa 300. Kwenye shafti ya puli hiyo kubwa kuna gia ndogo, pinioni, yenye meno 12, iliyoumana na duara la meno 144 lililozunguka kiuno cha pipa. Kwa kila mzunguko mmoja wa pipa, pinioni inazunguka mara 12, na 300 inakuwa 25. Hatua hizi mbili hazijumlishwi, zinazidishwa: tano mara 12 ni 60. Kwa upande wa gia hakuna haja ya kupima kipenyo. Meno yakihesabiwa yanatosha, kwa kuwa jino moja la pinioni linasukuma jino moja la duara, halipungui wala halizidi. Kitu kimoja tu kinatofautiana na mkanda: gia mbili zilizoumana huzunguka pande zinazopingana, wakati puli mbili za mkanda wa kawaida hufuata upande mmoja.

Injini hiyo ndogo inatoa newton-mita 19, nguvu ambayo mtu mzima anaweza kuishindia kwa spana. Ikizidishwa mara 60 inakuwa 1,140, na hata ikipotea sehemu ya kumi njiani kwenye mkanda, beringi na meno, zinabaki zaidi ya 1,000 za kuligeuza pipa lililojaa kokoto, mchanga, saruji na maji. Ni injini ile ile. Kilichotolewa ni kasi ambayo zege halikuihitaji.

Kwa kuwa nguvu kubwa hivyo inapita kwenye jino moja au mawili kwa wakati, meno ndiyo yanayoumia kwanza, hasa yakipakwa grisi nyingi kwenye eneo lenye vumbi la saruji. Grisi inashika mchanga, na mchanga unasaga meno kama msasa. Jino likivunjika, msimamizi anayejua mpangilio wa mashine yake anaweza kutambua ni gia ipi kabla hajafungua chochote, kwa kusikiliza tu. Pipa linamaliza mzunguko mmoja kila baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Kishindo kinachokuja kwa mwendo huo wa taratibu kinatoka kwenye duara la pipa. Kikiwa kinagonga mara tano kila sekunde, kimetoka kwenye pinioni, ambayo inazunguka mara 300 kwa dakika. Pinioni ni kipande kidogo, inavuliwa na kubadilishwa siku hiyo hiyo. Duara la pipa ni kubwa, lakini kwenye mashine nyingi limeungwa kwa vipande vilivyofungwa bolti, na kinachohitaji kununuliwa ni kile kipande chenye jino lililovunjika, chenye idadi ile ile ya meno.